Basi la kilomita 80 lililoandikwa 164

Basi la abiria linashuka mteremko likiwa katika kilomita 80 kwa saa, kiwango cha juu ambacho mabasi ya Kenya na Tanzania hayaruhusiwi kukizidi. Kifaa cha kurekodi mwendo kilichofungwa nyuma ya dashibodi kinaandika 80, 80, kisha 53, kisha 164, halafu 80 tena. Dereva hakukanyaga breki wala hakuongeza mafuta. Kwa dereva, namba hiyo ya 164 ni faini au kibarua kuota nyasi. Kwa fundi anayejua programu za vifaa vidogo, namba mbili zile zikifuatana, moja ya chini mno na nyingine ya juu mno, ni dalili inayojulikana: gari halikubadili mwendo, ila kuna kazi ndani ya kifaa iliyomzuia prosesa kuangalia saa kwa wakati.

Kifaa ninachokieleza hapa nimekiunda kwa ajili ya makala haya, lakini kila sehemu yake inauzwa madukani na hesabu zake ni za kweli. Moyo wake ni chipu ya STM32F103, ya bei nafuu na inayotumiwa sana na wanafunzi na mafundi, inayokwenda kwa mizunguko milioni 72 kwa sekunde. Imeunganishwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni kihisi kwenye giaboksi kinachotoa mipigo 8 ya umeme kwa kila mita ambayo gari linasogea. Cha pili ni modemu ya simu inayopeleka taarifa ofisini, ikizungumza na chipu kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde. Cha tatu ni skrini ndogo inayomwonyesha dereva mwendo wake, na huandikwa upya mara tano kwa sekunde.

Prosesa moja hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Haiwezi kukaa ikimtazama kihisi, modemu na saa kwa pamoja, na ikizunguka kuwauliza mmoja mmoja itapoteza muda mwingi bila faida. Ndiyo maana kuna katizo. Mpigo ukifika, waya wa kihisi unabisha hodi. Prosesa inaacha kazi iliyokuwa mkononi, inahifadhi mahali ilipofikia, inakwenda kutekeleza kipande kifupi cha programu kilichoandikwa kwa ajili ya mgeni huyo, kisha inarudi palepale ilipoachia. Kipande hicho tukiite mhudumu. Kwenye chipu za jamii hii, kutoka hodi hadi hatua ya kwanza ya mhudumu kunahitaji mizunguko isiyopungua 12, yaani kama sehemu ya sita ya maikrosekunde moja. Maikrosekunde ni sekunde moja ikigawanywa mara milioni. Kwa upande wa vifaa vyenyewe, basi, hakuna wa kulaumiwa: mlango unafunguliwa upesi kuliko mtu anavyoweza kufikiri.

Tabu inaanza pale hodi ya pili inapopigwa wakati mhudumu wa kwanza hajamaliza.

Mwandishi wa programu yetu alifanya kile ambacho wengi hufanya mwanzoni. Aliweka kipima muda kinachokatiza kila milisekunde 200, na ndani ya mhudumu wa kipima muda hicho akaandika kazi yote ya skrini. Inaonekana nadhifu: muda umefika, chora. Lakini skrini hizi huunganishwa kwa nyaya mbili zinazopitisha biti 400,000 kwa sekunde. Mstari mmoja wa maandishi ni baiti 128, na kila baiti inahitaji biti 9 njiani, nane zake mwenyewe na moja ya kukiri kuwa imepokelewa. Zidisha, kisha gawanya: biti 1,152 kwa kasi hiyo ni milisekunde 2.88. Muda wote huo prosesa imo ndani ya mhudumu wa skrini, ikisubiri biti zipite.

Sasa tuje kwenye mwendo. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22.2 kwa sekunde, kwa hiyo mpigo mmoja unatengana na mwingine kwa milisekunde 5.625. Mhudumu wa mpigo kazi yake ni kusoma saa anapoingia, kutoa saa ya mpigo uliotangulia, na kupata tofauti. Tuseme mpigo umefika mara tu baada ya skrini kuanza kuandikwa. Hodi imesikika na imeandikwa kuwa inasubiri, ila mhudumu wake hataitwa mpaka skrini imalizike. Akiingia, anasoma saa iliyochelewa milisekunde 2.88. Tofauti anayoipata si 5.625 bali 8.505, na hesabu inampa kilomita 53 kwa saa. Mpigo unaofuata unafika kwa wakati wake na kupokelewa hapohapo. Lakini unapimwa kutoka kwenye ile saa iliyochelewa, hivyo tofauti inakuwa 2.745 tu, na kifaa kinaandika kilomita 164 kwa saa. Muda ulioongezwa upande mmoja umekatwa upande wa pili. Ndiyo sababu makosa haya huja mapacha, na wastani wa vipindi vile viwili ni sahihi kabisa.

Si kila mpigo unapatwa. Skrini inashika prosesa milisekunde 2.88 katika kila 200, na mpigo ukiangukia katikati ya kipindi hicho unachelewa kidogo tu, hivyo kosa nalo ni dogo. Namba kubwa kama 164 hutokea pale tu mpigo na mwanzo wa skrini vinapogongana. Mezani karakanani fundi anaweza kukijaribu kifaa asubuhi nzima akaona namba zikicheza kidogo tu, akadhani kihisi kina kutu.

Jambo ambalo watu wengi hawalitarajii ni hili: chipu hii ina uwezo wa kumkatiza mhudumu ili kumwingiza mwingine aliye wa haraka zaidi. Ina ngazi 16 za vipaumbele, kuanzia 0 hadi 15, na namba ndogo ndiyo yenye haraka. Katizo la ngazi ya 1 linaweza kuingia katikati ya mhudumu wa ngazi ya 10, likamaliza shughuli yake, kisha yule wa 10 akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini chipu ikiwashwa, makatizo yote ya vifaa hukaa katika ngazi ya 0, na walio ngazi moja hawakatizani. Programu yetu haikuwa imegusa ngazi hizo. Uwezo ulikuwepo, ila hakuna aliyeuamuru ufanye kazi.

Kwenye bodi ya Arduino Uno hali ni nyingine kidogo. Chipu yake, ATmega328P, hufunga makatizo yote mara mhudumu anapoingia, na hayafunguki hadi atoke, labda programu yenyewe iyafungue kwa makusudi. Kuna orodha ya nani atangulie, lakini orodha hiyo inahusu wanaosubiri mlangoni tu. Haimtoi aliyeko ndani. Aliyezoea Uno akahamia kwenye chipu kubwa hubeba mazoea hayo bila kujua.

Dawa ya kwanza, basi, ni mistari mitatu:

```c
HAL_NVIC_SetPriority(EXTI0_IRQn,  1, 0);   // mpigo wa mwendo
HAL_NVIC_SetPriority(USART1_IRQn, 2, 0);   // modemu
HAL_NVIC_SetPriority(TIM2_IRQn,  10, 0);   // skrini
```

Namba hizo hazikutupwa ovyo. Swali la kujiuliza kwa kila katizo ni moja: likicheleweshwa, baada ya muda gani litaleta hasara? Kwa mpigo, tukikubali kosa la asilimia 1 katika mwendo, tunaweza kuchelewa maikrosekunde 56 na si zaidi. Kwa modemu, herufi moja ni biti 10 njiani, ambazo kwa kasi yake huchukua maikrosekunde 87. Chipu ina nafasi ya kuweka herufi moja iliyokamilika wakati nyingine inaingia. Hiyo ya pili ikikamilika kabla ya kwanza kuchukuliwa, inapotea. Kwa skrini, dereva hataona tofauti hata ikichelewa milisekunde 20. Anayeumia mapema zaidi ndiye anayepewa namba ndogo. Umuhimu wa kazi hauhusiki hapa. Taarifa inayokwenda ofisini huenda ndiyo sababu kifaa kilinunuliwa, lakini hilo haliipi modemu haki ya kumtangulia kihisi.

Baada ya mistari ile mitatu, mpigo unaingia katikati ya skrini, unasoma saa, unatoka. Zile 53 na 164 zinatoweka. Wengi huishia hapa, wakafunga kifuniko cha kifaa na kwenda zao. Mimi naona hapa ndipo hatari kubwa zaidi inapoanza, kwa sababu sasa kuna mtu mwenye mamlaka ya kumkatiza kila mwingine, na mamlaka hayo yana mvuto.

Wiki chache baadaye ofisi inaomba kila mpigo ukokotolewe mwendo palepale, upangwe kuwa maandishi, uwekwe kwenye foleni ya kutumwa. Mwandishi wa programu anaona mahali pazuri pa kuandika haya: ndani ya mhudumu wa mpigo, maana mwendo ndio kiini cha kifaa na tayari una kipaumbele cha juu. Chipu hii haina sehemu maalumu ya kukokotoa namba za desimali, kila kitu hufanywa kwa hatua nyingi za kawaida, na kupanga namba hiyo kuwa maandishi kunaongeza hatua nyingine. Tuseme kazi hiyo inachukua maikrosekunde 300. Kwa mipigo 178 kwa sekunde, jumla ni milisekunde 53 katika kila sekunde, kama asilimia 5 ya uwezo wa prosesa. Ukiangalia kipimo cha shughuli utasema kifaa kimepumzika.

Modemu inasema vingine. Inapomaliza kutuma taarifa hujibu kwa maneno `SEND OK`. Tuseme herufi S inaanza kuingia wakati mhudumu wa mpigo ndiyo kwanza ameshika prosesa. S inakamilika baada ya maikrosekunde 87 na kuwekwa kwenye nafasi yake. E inakamilika kwenye 174, inakuta S haijachukuliwa, inapotea. N inakamilika kwenye 260, nayo inapotea. Kwenye 300 mhudumu wa mpigo anatoka, wa modemu anaingia na kuichukua S, kisha D na zilizobaki zinafika salama. Programu inasoma `SD OK`, neno ambalo halimo katika orodha yake, inahitimisha kuwa taarifa haikufika, na inaituma tena. Ofisini wanapata taarifa mbilimbili na bando la intaneti linaisha kabla ya mwezi. Fundi anabadilisha modemu, antena, hata laini ya simu, na kila kitu kinabaki vilevile, maana kosa halimo katika chochote kati ya hivyo.

Nimeikalia sehemu hii kwa sababu hukumu yake ni kinyume na inavyodhaniwa. Mhudumu mrefu aliye ngazi ya chini huwachelewesha walio sawa naye na walio chini yake, pamoja na programu kuu. Mhudumu mrefu aliye ngazi ya juu humchelewesha karibu kila mtu. Kadiri unavyopewa namba ndogo ndivyo unavyotakiwa kuwa mfupi. Na asilimia za shughuli hazikwambii lolote kuhusu hili: prosesa inaweza kuwa bure kwa sehemu 95 katika 100 na bado ikapoteza herufi, kwa sababu kinachopoteza herufi ni urefu wa kipindi kimoja, bila kujali jumla yake kwa siku.

Kuna ucheleweshaji mwingine ambao hauonekani kwenye orodha ya vipaumbele. Programu kuu nayo ina uwezo wa kufunga milango yote kwa amri `__disable_irq()`, kwa kawaida ili inakili data bila mtu kuigusa katikati. Ikinakili taarifa ya baiti 2,048 milango ikiwa imefungwa, na kila baiti ikachukua mizunguko 10, hiyo ni maikrosekunde 284 ambazo hata ngazi ya 0 haiingii. Kazi ya chini kabisa imejipandisha juu ya wote bila kutangaza.

Kukatizana nako kuna gharama zake. Kila mhudumu anapokatizwa, chipu huhifadhi maneno manane ya kumbukumbu, baiti 32, kisha mhudumu anayeingia huongeza mahitaji yake mwenyewe. Kwenye chipu yenye kilobaiti 20 tu, ngazi nyingi zilizopandana zenye wahudumu wanene zinaweza kuvuka eneo lililotengwa na kuandika juu ya data nyingine. Ndiyo maana mimi hupendelea ngazi tatu au nne, hata kama chipu inatoa 16.

Mtego mmoja unastahili kusimuliwa peke yake, kwa kuwa umewalaza wengi karakanani. Maktaba ya HAL, inayotumika sana na chipu hizi, hupima muda kwa katizo la saa ya ndani, SysTick, ambalo kwa kawaida huwekwa ngazi ya 15, ya mwisho kabisa. Ukiita `HAL_Delay` ndani ya mhudumu wa ngazi ya 10, mhudumu anasubiri saa isogee, na saa inasubiri mhudumu atoke. Kifaa kinaganda. Hata bila `HAL_Delay`, kazi ya kuandika skrini ina kikomo cha kusubiri kinachotegemea saa hiyohiyo. Waya wa skrini ukilegea barabarani kiasi cha kuifanya njia ionekane ina shughuli isiyokwisha, kikomo hakifiki kwa kuwa saa imesimama, na prosesa inabaki ndani ya mhudumu. Mipigo bado itapokelewa, maana iko juu yake, lakini programu kuu haitaamka tena mpaka umeme uzimwe. Waya wa skrini umeua kinasa mwendo.

Yote haya yanaonekana kwa macho, ukijua pa kutazama. Mwanzoni mwa kila mhudumu washa pini moja isiyotumika, mwishoni izime, kisha unganisha pini hizo na kichanganuzi cha ishara, kile kidogo cha njia nane kinachochomekwa kwenye kompyuta. Kwenye skrini utaona vibanda: kile cha skrini ni kirefu cha milisekunde 2.88, vya mpigo ni vyembamba. Weka njia moja kwenye waya wa kihisi wenyewe, na umbali kati ya ukingo wa mpigo na kibanda chake ndio kuchelewa kwenyewe. Tafuta umbali mkubwa kuliko wote. Wastani hauna msaada. Kwa upande wa modemu, chipu huwasha alama inayoitwa `ORE` kila inapopoteza herufi. Ihesabu na uiandike kwenye taarifa. Programu nyingi huifuta kimya kimya, na hapo ushahidi unakwenda na maji.

Dawa ya kudumu ni kuwapunguzia wahudumu kazi. Mhudumu wa kipima muda aandike tu kwamba wakati wa kuchora umefika, atoke. Programu kuu ione alama hiyo na ichore kwa raha zake, ikikatizwa mara ngapi haidhuru. Mhudumu wa mpigo asome saa na kuiweka kando, hesabu na maandishi vifanywe nje. Mhudumu wa modemu achukue herufi, aipange kwenye foleni. Tuseme baada ya hapo wa mpigo anachukua maikrosekunde 2, wa modemu 3, na kipindi kirefu kuliko vyote cha kufunga milango ni 10. Mpigo utachelewa maikrosekunde 10 na kidogo, kosa lisilofika kilomita 0.2 kwa saa. Herufi ya modemu itachelewa kama 12, ikiwa na ruhusa ya 87.

Kwa mpigo kuna njia bora zaidi, na sijui kwa nini haitumiki mara nyingi. Kipima muda cha chipu kinaweza kuunganishwa moja kwa moja na waya wa kihisi, kikaandika chenyewe saa ya ukingo wa mpigo kwenye rejista bila kumwuliza prosesa. Mhudumu akichelewa milisekunde mbili, saa anayoikuta ni ileile sahihi, mradi afike kabla ya mpigo unaofuata. Ruhusa ya kuchelewa imepanda kutoka maikrosekunde 56 hadi zaidi ya 5,000, na kihisi hakihitaji tena kupewa namba ndogo.

Kwa hiyo kabla hujagusa namba za vipaumbele kwenye kifaa chochote unachokiunda, andika kwenye karatasi muda mrefu zaidi wa kila mhudumu na muda ambao kila katizo linaweza kusubiri bila hasara. Ukikuta mhudumu mmoja ni mrefu kuliko subira ya yeyote aliye ngazi yake au chini yake, mpunguze huyo kwanza. Namba ziguse baadaye.